Khutba na mume anayepiga: aya ya 34 isomwe mpaka mwisho

Khatibu akipanda mimbari kuzungumzia mke na mume, mara nyingi huanzia katikati ya aya. Husoma kwamba wanaume ni wasimamizi wa wanawake, akaruka hadi penye neno la kupiga, akaeleza kwamba pigo liwe jepesi, kisha akamalizia kwa kuwausia wake subira. Robo saa imekwisha. Wanaume wanatoka wakitafuta makubadhi yao mlangoni, na yule mke anayesikiliza jikoni kupitia kipaza sauti cha msikiti, mkono wake ukiwa bado umefura tangu juzi, amebaki na jambo moja tu: hata dini haiko upande wake.

Mimi husomesha madrasa, na kila baada ya wiki kadhaa hupewa zamu ya kutoa mawaidha ya Kiswahili kabla ya khutba ya Kiarabu. Mada hii nimeisema zaidi ya mara moja. Nataka kueleza vipi inaweza kusemwa kwa namna ambayo mwenye kupigwa atapata kinga na mwenye kupiga hataondoka na ruhusa mkononi, bila ya kuficha aya wala kuipindisha.

Tuanze na aya yenyewe, ya 34 katika Suratun Nisaa. Neno ambalo tafsiri zetu nyingi huliweka kama "wake watiifu" linatokana na asili moja na kunuti. Kila Mshafii wa Pwani anaijua kunuti, kwa sababu huisoma kila Alfajiri akiwa amenyanyua mikono. Je, katika kunuti tunamnyenyekea nani? Qur'ani inalitumia neno hilo kwa Maryam alipoamrishwa amnyenyekee Mola wake, na katika Suratul Ahzab, aya ya 35, inalitumia kwa wanaume na wanawake kwa pamoja. Hii haina maana kwamba wanavyuoni hawakutaja utiifu kwa mume katika aya hii; wengi wameutaja. Lakini khatibu anayewaambia watu kwamba neno hilo lamaanisha mke kumnyenyekea mume kama mtumwa amelipa mzigo usiokuwa wake. Mimi huanza hapo, na huona watu wakiinua vichwa, kwa sababu kunuti ni yao, si habari ya kitabuni.

Kisha kuna mwisho wa aya, sehemu ambayo husikika mara chache mno. Baada ya kutajwa nasaha, kuhama malazi na kupiga, aya inawageukia wanaume: wakiwatii, msitafute njia ya kuwaonea. Na inafunga kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliye juu na mkubwa. Kwa nini sifa hizo mbili, na si Mwenye kusamehe au Mwenye hekima? Wafasiri wameona hapo onyo kwa mume: ukijiona uko juu ya mkeo kwa nguvu na cheo, yuko aliye juu yako. Aya ambayo watu huisoma kama hati ya mume inamalizika kwa kumtisha mume.

Sasa lile neno la kupiga. Siku hizi wako wanaosema kwamba neno hilo la Kiarabu halina maana ya kupiga, bali kujitenga. Sikatai kwamba lina maana nyingi, kama "piga" yetu ilivyo na nyingi: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi. Hata hivyo sishauri khutba nzima isimamishwe juu ya hoja hiyo. Mtu mmoja aliyesoma atasimama baada ya sala, afungue tafsiri tatu za zamani, na wewe na ujumbe wako mtaanguka pamoja. Kuna njia madhubuti zaidi, nayo ni kushika yale ambayo hakuna anayeyapinga.

Kwanza, Mtume (SAW) hakupiga mke hata mara moja. Bibi Aisha ameeleza hayo, na yamo katika Sahihi ya Muslim: hakumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Pili, katika Abu Daud imepokewa kwamba alikataza kuwapiga wanawake, kisha Sayyidna Umar akalalamika kwamba wake wamewapanda waume zao vichwani, ikaruhusiwa. Haukupita muda, wanawake wengi wakazizunguka nyumba za Mtume wakiwashitaki waume zao. Akasema kuwa wanaume hao si wabora miongoni mwao. Tatu, Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika kizazi cha baada ya masahaba na mwanafunzi wa Ibn Abbas, alisema mume asimpige mkewe bali amkasirikie tu. Karne kadhaa baadaye Ibn al-Arabi, kadhi wa Kimaliki wa Andalusia, aliisifu kauli hiyo kuwa ni katika ufahamu mzuri wa Ata, kwa sababu alikusanya aya pamoja na hadithi zilizochukia jambo hilo. Huyu hakuwa mtu wa mashirika ya kisasa. Alikufa mwaka 1148.

Hapa nina onyo kwa makhatibu wenzangu kuhusu mswaki. Ni kweli kwamba imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa pigo linalokusudiwa ni kama la mswaki. Alikusudia kuwafunga mikono wanaume. Lakini ukilitaja hilo mimbarini leo, sikiliza msikiti unavyofanya: unacheka. Na kicheko hicho kikifika nyumbani huwa ni ruhusa. Mume hatoki akikumbuka ukubwa wa mswaki, hutoka akikumbuka kwamba "kupiga kupo". Mimi nimeacha kulitaja isipokuwa katika darsa, ambako mtu ana nafasi ya kuuliza na kujibiwa. Ukitaka kujua khutba yako imefika vipi, angalia swali la kwanza unaloulizwa mlangoni. Wakikuuliza "sheikh, mpaka wapi inaruhusiwa?", ujue wamesikia ruhusa. Wakikuuliza "nina dada yangu, nifanye nini?", hapo umefika.

Majirani zetu Wakristo nao wana shida ya namna hiyo hiyo. Katika waraka kwa Waefeso, mlango wa 5, wahubiri wengi huanzia aya ya 22 inayowaambia wake wawatii waume, wakaiacha ya 21 inayowataka waumini wote wanyenyekeane. Nimeambiwa hayo na wachungaji wenyewe katika vikao vya viongozi wa dini. Ugonjwa wa kuanzia katikati hauna dini.

Huku kwetu kuna pia maandiko yasiyokuwa aya wala hadithi lakini yana nguvu kama hizo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata 1858, umewalea bibi zetu. Mama aliyekuwa mgonjwa alimuusia binti yake Mwana Hashima namna ya kuishi na mume, na wako wazee ambao wakisuluhisha ugomvi hutaja utendi ule kama wanavyotaja fikihi. Ni wasia wa mama, na ni mzuri kwa nyumba yenye amani. Haukutungwa kuwa hukumu juu ya mke aliyevunjwa meno. Tena msemo wetu wa subira yavuta heri umefanyiwa kazi ambayo haukuumbiwa. Subira katika dini ni kuvumilia kadari na mitihani, kama maradhi na ufukara. Ngumi ya mtu mwenye akili timamu ni dhuluma, na dhuluma huzuiliwa. Mtume alituamrisha tumnusuru ndugu yetu hata akiwa dhalimu, na alipoulizwa vipi, akajibu kwamba ni kwa kumzuia mkono wake.

Kisa ninachokitegemea kuliko vyote ni cha Habiba binti Sahl. Nakieleza polepole, kwa sababu kila kipande chake kina kazi.

Habiba alikuwa mke wa Thabit bin Qays. Thabit hakuwa mtu wa pembeni; alikuwa msemaji wa Ansari, mtu aliyekuwa akisimama kujibu kwa niaba ya Mtume wajumbe wa makabila walipokuja. Yaani alikuwa khatibu. Katika riwaya ya Abu Daud, Thabit alimpiga Habiba akamvunja kiungo, naye akaenda kwa Mtume baada ya Alfajiri. Katika Muwatta ya Imam Malik, Mtume alipotoka kwenda kusali alimkuta mlangoni pake, giza bado halijatanda nuru, akauliza ni nani huyu. Akasema ni Habiba, na kwamba yeye na Thabit hawawezi tena kuwa pamoja. Mtume alimwita Thabit, akamwamuru achukue mahari aliyotoa na amwachie. Mahari hayo yalikuwa mabustani mawili. Habiba akarudi kwa watu wake.

Tazama kilichokosekana humo. Hakuna mahali alipoulizwa alimkosea nini mumewe mpaka akapigwa. Hakuambiwa arudi akasubiri. Hakukemewa kwa kutoka nyumbani gizani bila idhini. Hakuambiwa kwamba anamwaibisha mtu mkubwa wa dini. Wala hawakukalishwa mkeka mmoja ili wapatanishwe. Mambo hayo matano ndiyo yanayomkuta mwanamke wa mtaa wetu akibisha hodi kwa wazee.

Msomaji makini atasema kwamba katika Bukhari mke wa Thabit alisema hana lawama juu ya tabia wala dini ya mumewe. Ni kweli, na wanavyuoni wametofautiana kama ni kisa kimoja au wake wawili. Khatibu aliseme hilo mwenyewe kabla halijasemwa na mwingine, na amtaje Thabit kwa adabu, kwani ni sahaba. Na aongeze aya ya 19 ya sura hiyo hiyo ya Nisaa, kwa sababu kisa hiki nacho kinaweza kutumiwa vibaya. Wako waume wanaomtesa mke makusudi ili aombe khului na arudishe mahari. Aya hiyo inakataza kuwabana wake ili kuwanyang'anya sehemu ya mlichowapa. Bila ya kulisema hili, umempa mtesaji njia ya pili ya kufaidika.

Ama kwa wazazi wanaoozesha, kisa cha Fatma binti Qays kinatosha. Alimwendea Mtume akiwa ameposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm. Mtume alimwambia kwamba Abu Jahm haweki fimbo yake chini kutoka begani, akamshauri aolewe na Usama. Imo katika Muslim, na wanavyuoni wengi wameifahamu fimbo hiyo kuwa ni kupiga wake. Kwa hivyo jirani anayejua kwamba mposaji alimpiga mke wa kwanza, akaulizwa akanyamaza kwa kuogopa kusengenya, ameielewa vibaya maana ya kusengenya.

Hayo ni maneno ya khutba. Lakini khutba yenye maneno sahihi inaweza kumuumiza mtu ikisemwa wakati mbaya. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Kwa hesabu hiyo, khatibu achukulie kwamba kila Ijumaa anaposema, mpigaji yumo ndani ya msikiti na mpigwaji anasikia, ama kutoka ghorofa ya wanawake ama kwa kipaza sauti.

Kwa hivyo mada hii isisemwe Ijumaa inayofuata tukio linalojulikana mtaani. Hata usipotaja jina, kila mtu atageuza shingo, na mume atakwenda nyumbani akiamini kwamba mkewe amepeleka siri kwa imamu. Ngoja wiki kadhaa, au bora zaidi iwekwe kwenye ratiba ya mwaka kama zaka na Shaabani, isionekane inamlenga mtu. Mifano yote itoke kwa masahaba, hakuna haja ya "kuna mke mmoja alinijia". Mtaa wetu mdogo. Atajulikana kabla ya Asiri. Na usiwaambie wake mimbarini waondoke leo. Watu wanaoshughulika na kesi hizi wanajua kwamba siku ya kuondoka na majuma ya baada yake ndiyo ya hatari zaidi kwa mwanamke. Anahitaji mpango kwanza, na mpango haupangwi kwa kipaza sauti.

Jambo moja dogo la wakati: watu wengi huingia msikitini karibu na adhana ya pili. Ukiweka mwisho wa aya na kisa cha Habiba mwanzoni mwa mawaidha, watakaovisikia ni wazee waliotangulia tu. Viweke dakika tano za mwisho.

Kisha huja kazi halisi, ambayo haifanywi mimbarini. Tuseme ni usiku, baada ya Isha, na mwanamke amekuja kwa imamu akifuatana na mwanawe mkubwa. Jicho limefunga na anasema mumewe amemkaba shingo. Imamu wengi hapo hukimbilia aya ya 35, ile ya kuweka mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Aya hiyo ni ya mafarakano, watu wawili wasioelewana, kila mmoja akiwa na uwezo wa kusema lake. Mtu aliyekabwa shingo hawezi kusema lake mbele ya aliyemkaba. Ukiwakalisha pamoja atasema "nimemsamehe", kwa sababu anajua atalala nyumba gani usiku huo. Suluhu inayohalalisha haramu si suluhu; hilo Mtume amelisema waziwazi.

Kwanza basi ni hospitali, hasa kama alikabwa, maana shingo iliyokabwa inaweza kuonekana nzima nje na kuvimba ndani saa kadhaa baadaye. Mjini Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Kama aliingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina maana zikianza ndani ya saa 72, na asioge kwanza. Daktari huandika alichokiona, na baadaye hujaza fomu ya P3 inayotolewa na polisi. Nambari ya simu ya bure ya taifa kwa kesi hizi ni 1195. Aiweke kwa jina jingine kwenye simu, au aikariri.

Pili ni kujua mlango upi ni wa nini, maana hapa watu wetu huchanganyikiwa sana. Mahakama ya Kadhi, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu waliokubali kufika kwake. Huko ataomba khului au kuvunjwa ndoa, matunzo na eda. Kupigwa ni jinai, na jinai ni ya polisi na mahakama ya hakimu. Chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 anaweza kuomba amri ya kumzuia mume asimkaribie, na mume akiivunja amri hiyo ametenda kosa jingine. Sheria hiyo inahesabu pia kunyimwa fedha na hata wakwe kuingilia ndoa. Kwenda kwa polisi hakumtoi mtu katika uamuzi wa dini, kama vile Habiba kwenda mlangoni kwa Mtume hakukumtoa katika heshima yake. Ni milango miwili, na mtu anaweza kubisha yote siku moja.

Tatu, imamu asimpigie simu mume "kusikia upande wake" usiku huo huo. Nia ni njema, matokeo ni kumjulisha mkewe yuko wapi. Amtafutie pahali pa kulala kwa jamaa ambaye mume hamfikirii, na mke wa imamu au ustadhati wa madrasa awe ndiye wa kuzungumza naye, kwa sababu kuna mambo hatayasema kwa mwanamume hata kama ni sheikh wake.

Akipata nafasi ya kurudi kuchukua vitu, asirudi peke yake, na asihangaike na masanduku. Achukue kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na cheti cha ndoa. Huku kwetu wengi hawana hicho cha mwisho, kwa sababu nikaha ilisomwa msikitini na haikusajiliwa. Basi imamu aliyeiozesha afungue daftari lake, atafute tarehe na majina ya mashahidi, na ayaandike kwenye karatasi yenye muhuri wa msikiti kabla ya asubuhi.